Ripoti ya maabara imefika kijijini: jinsi ya kuiandika upya kwa lugha nyepesi bila kuangusha ukweli

Leo hatushiki jembe wala bomba la dawa, tunashika kalamu.

Vikundi vingi vya wakulima na AMCOS siku hizi vina makatibu vijana. Ripoti ya kitaalamu ikitoka wilayani au maabara, inaishia kwenye simu ya huyo kijana, na wazee wanamwambia: "Tuwekee kwa Kiswahili cha kueleweka, tuibandike pale ghalani." Anakaa jioni moja, anatoa maneno magumu, anabandika karatasi. Kesho yake kijiji kizima kinasema mahindi yote yana sumu, au kinasema hakuna shida yoyote. Ripoti haikusema hivyo hata kidogo. Ukweli ulidondoka njiani wakati wa kurahisisha.

Njia nzuri ya kujifunza kazi hii ni kuchukua ripoti ya kweli na kuifungua sentensi kwa sentensi. Nimechagua ya sumukuvu Kenya, mwaka 2004. Nimeichagua kwa sababu mahindi yetu na yao yanapita soko moja la Afrika Mashariki, na kwa sababu mwaka 2016 tukio la aina hiyo hiyo lilitokea kwetu, Dodoma na Manyara, likaua watu. Siku ikitokea kwenye ghala lenu, wewe ndiye utakayeombwa kuandika.

Tukio lenyewe

Kati ya Januari na Julai 2004, watu katika mikoa ya Mashariki na Kati ya Kenya walianza kuugua ini. Waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Chanzo kilikuwa mahindi yenye aflatoksini, ambayo ni aina mojawapo ya sumukuvu, inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka.

Wachunguzi hawakuishia kwa wagonjwa. Walienda pia sokoni kupima mahindi yanayouzwa katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Matokeo ya kazi hiyo ya sokoni yalichapishwa mwaka 2005. Nikiyaweka kwa lugha ya kitaalamu, yanasomeka hivi:

*Masoko 65 na wachuuzi 243 walishirikishwa, zikakusanywa sampuli 350 za bidhaa za mahindi. Asilimia 55 ya sampuli zilikuwa na aflatoksini zaidi ya kikomo cha kisheria cha 20 ppb, asilimia 35 zilizidi 100 ppb na asilimia 7 zilizidi 1,000 ppb. Wastani wa kijiometri kwa Makueni ulikuwa 52.91 ppb, kwa Thika 7.52 ppb (p = 0.0004). Mahindi yaliyotoka mashamba ya eneo lililoathirika yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzidi 20 ppb kuliko yaliyonunuliwa kutoka maeneo mengine ya Kenya au nchi nyingine (uwiano wa uwezekano 2.71, masafa ya uhakika ya asilimia 95: 1.12 hadi 6.59; p = 0.03).*

Ni sentensi nne tu, lakini kila moja ina mtego wake. Kabla hujagusa neno, chukua daftari uandike kila ukweli kwenye mstari wake, na namba pembeni. Mimi hapa napata mistari tisa: masoko na wachuuzi wangapi, sampuli ngapi, kikomo ni kipi, waliozidi 20, waliozidi 100, waliozidi 1,000, Makueni dhidi ya Thika, mahindi ya hapo dhidi ya yaliyotoka nje, na uhakika wa tofauti hiyo ya mwisho. Ukiongeza wagonjwa na waliofariki, ni mistari kumi na moja. Daftari hili ndilo litakalokukagua mwishoni, kwa hiyo usilitupe.

Maneno mawili yanayodanganya kwenye Kiswahili

Tuanze na ugonjwa. Dalili kuu ilikuwa macho na ngozi kugeuka rangi ya manjano ghafla kwa sababu ini limeumia. Mwandishi mwenye haraka ataandika "homa ya manjano". Sasa hapo umeshabadilisha ugonjwa. Homa ya manjano inaletwa na virusi vinavyosambazwa na mbu, na ina chanjo yake. Mwanakijiji akisoma hivyo ataulizia chanjo na kununua neti, huku debe la mahindi liko jikoni linaendelea kuliwa. Andika tu kile kinachoonekana: "macho yaligeuka manjano ghafla kwa sababu ini lilikuwa limeumia."

Neno la pili ni "mahindi yaliyooza". Watu wengi wanalitumia badala ya aflatoksini kwa sababu linaeleweka haraka. Shida ni kwamba mahindi yanayoonekana safi kabisa, punje zinang'aa, yanaweza kuwa na sumu hiyo. Sumu yenyewe haionekani kwa macho. Ukiandika "msile mahindi yaliyooza", mama atachambua, atatupa punje nyeusi, na kilichobaki atakipika akiwa na amani. Kuchambua kunasaidia kupunguza, lakini hakuthibitishi kwamba kilichobaki ni salama. Andika "mahindi yenye sumukuvu", kisha sentensi moja ya kufafanua: ni sumu ya kuvu, haionekani, haina ladha ya kukushtua, na kupika hakuiondoi.

Asilimia zinazojumlishwa zisipopaswa kujumlishwa

Rudi kwenye ile sentensi ya asilimia 55, 35 na 7. Mtaalamu anajua kwamba 35 wako ndani ya wale 55, na 7 wako ndani ya wale 35. Msomaji wa kawaida anaona namba tatu zimepangwa, anafanya kile alichofundishwa shuleni: anajumlisha. 55 na 35 na 7 ni 97. Basi, habari inayotoka ghalani ni kwamba mahindi karibu yote yalikuwa na sumu.

Dawa yake ni kupanga upya namba ziwe mafungu yasiyoingiliana. Hapa hakuna utaalamu, ni kutoa tu. Wanaozidi 20 ni 55 kati ya 100, kwa hiyo wasiozidi ni 45. Kati ya wale 55, ukitoa 35 waliozidi 100, unabaki na 20 walio kati ya 20 na 100. Kati ya wale 35, ukitoa 7 waliozidi 1,000, unabaki na 28 walio kati ya 100 na 1,000. Sasa unaandika hivi:

Chukua sampuli 100 kati ya zilizopimwa:
- 45 zilikuwa ndani ya kikomo;
- 20 zilizidi kikomo, lakini hazikuzidi mara tano ya kikomo;
- 28 zilizidi mara tano ya kikomo, lakini hazikuzidi mara hamsini;
- 7 zilizidi mara hamsini ya kikomo.

Jumlisha uone: 45, 20, 28 na 7 ni 100 kamili. Hakuna namba iliyopotea, na anayependa kujumlisha atapata jibu sahihi.

Hilo fungu la mwisho, zile 7, ndilo linaloachwa mara nyingi kwa sababu linaonekana dogo. Usiliache. Kiwango cha namna hiyo kinaweza kuumiza ini ndani ya muda mfupi. Kwenye tukio lililoua watu 125, huwezi kuandika "zaidi ya nusu zilizidi kikomo" ukaishia hapo, kwa sababu sampuli iliyozidi kidogo na iliyozidi mara hamsini zinakuwa zimewekwa kapu moja.

Angalia pia nilivyoandika zile 45: "ndani ya kikomo". Sikuandika "hazina sumu" wala "salama". Kuwa ndani ya kikomo maana yake kiwango hakikuvuka mstari uliowekwa na sheria, na mstari wenyewe husogea. Kikomo cha Kenya mwaka ule kilikuwa 20 ppb. Kiwango cha sasa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni 10 ppb kwa aflatoksini zote kwa pamoja, na 5 ppb kwa ile kali zaidi iitwayo B1. Mahindi yaliyopimwa 15 mwaka 2004 yalipita, leo yangerudishwa. Kwa hiyo kikomo kiandikwe na namba yake na mwaka wake, siku zote.

Na hiyo ppb? Usiifute, ieleze mara moja halafu endelea kuitumia. Ni sehemu moja ndani ya sehemu bilioni. Kwa lugha ya ghalani: gunia la kilo 100 lenye 20 ppb lina miligramu 2 tu za sumu. Punje moja ya mahindi ina uzito wa kama miligramu 300. Yaani ukiigawa punje moja vipande 150, kipande kimoja ndicho uzito wa sumu yote iliyo kwenye gunia zima. Mkulima akielewa hilo, anaelewa kwa nini jicho haliwezi kuiona na kwa nini lazima kipimo.

"Thika wako salama" na wastani unaoficha

Ripoti inasema wastani wa Makueni ulikuwa 52.91 na wa Thika 7.52. Kikomo ni 20. Kijana wa haraka anaandika: "Makueni walizidi kikomo, Thika walikuwa salama." Sentensi inapendeza, na ni ya uongo.

Wastani ni namba moja inayowakilisha sampuli nyingi. Wastani wa 7.52 hauna maana kwamba kila sampuli ya Thika ilikuwa chini ya 20. Nyingi zinaweza kuwa chini sana na chache zikawa juu, wastani ukabaki mdogo. Halafu huo ni wastani wa kijiometri, aina ya wastani ambayo haivutwi sana na sampuli chache zenye namba kubwa mno. Huna haja ya kumfundisha mwanakijiji kuupiga. Inatosha uandike: "Kwa kawaida, mahindi ya masoko ya Makueni yalikuwa na sumu kama mara saba ya mahindi ya masoko ya Thika." Gawanya 52.91 kwa 7.52 utapata 7 na pointi ndogo sana. Kisha ongeza: "Hii haina maana kwamba kila gunia la Thika lilikuwa ndani ya kikomo."

Ile p = 0.0004 unaifanyaje? Inaeleza jambo moja: tofauti kubwa kiasi hiki ni vigumu sana itokee kwa bahati tu ya sampuli zilizookotwa. Kwa maneno manne au matano: "tofauti hii si ya kubahatisha." Usitafsiri lugha ya takwimu kuwa "tofauti muhimu", kwa sababu "muhimu" kwa mkulima ni jambo jingine kabisa.

Sentensi ambayo mkulima wa biashara angependa isiwepo

Sasa tumefika penye moto. Ripoti inasema mahindi ya mashamba ya pale pale yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuzidi kikomo kuliko yaliyotoka nje. Wewe ni mkulima wa pale pale. Una magunia stoo, una mkopo, na wanunuzi wanasoma hilo karatasi pia. Mkono utakuwa mzito, na utajiambia kwamba ni suala la takwimu, wanakijiji hawataelewa, ngoja niliruke. Ni kweli sentensi ni ngumu, lakini ugumu wake siyo sababu ya kuiacha. Familia inayokula ya shamba lake ndiyo inayoihitaji zaidi, kwa sababu hakuna mnunuzi wala mpimaji anayesimama kati ya shamba lake na sufuria yake.

Basi tuiandike vizuri, isipunguzwe wala kukuzwa. Kukuzwa ni rahisi sana hapa. Ukiona 2.71 unaandika "mahindi ya hapa yana sumu mara tatu zaidi". Makosa mawili kwa mpigo. Kwanza, namba hiyo haipimi wingi wa sumu, inahusu magunia mangapi yanavuka kikomo. Pili, "uwiano wa uwezekano" hauhesabu kama tunavyohesabu sisi mtaani. Unachukua waliovuka dhidi ya wasiovuka.

Ngoja tupige mfano wa kutunga, namba siyo za ripoti. Tuseme kati ya magunia 100 ya kutoka nje, 40 yamevuka na 60 hayajavuka. Ni 40 dhidi ya 60. Zidisha hiyo 40 kwa 2.71 unapata kama 108, iwe 108 dhidi ya 60. Jumla ni 168, na 108 kati ya 168 ni sawa na 64 kati ya 100. Kwa hiyo 40 imekuwa 64. Ni ongezeko kubwa, lakini haijafika hata mara mbili, achilia mbali karibu mara tatu. Kosa hili linatokea pale jambo lenyewe likiwa la kawaida, kama hapa ambapo zaidi ya nusu ya sampuli zilivuka. Jambo likiwa adimu sana, namba mbili hizi hukaribiana.

Halafu kuna yale masafa, 1.12 hadi 6.59. Hapo wachunguzi wanakiri kwamba kwa sampuli walizopata, tofauti ya kweli inaweza kuwa ndogo sana au kubwa sana. Wanachoweza kusimamia ni upande gani umeelemea, ila uzito wake hawaujui sawasawa. Huo nao ni ukweli wa ripoti, na ukiuacha umempa msomaji uhakika ambao wachunguzi wenyewe hawakuwa nao. Kwa hiyo naandika: "Mahindi ya mashamba ya eneo lile yalivuka kikomo mara nyingi zaidi kuliko yaliyoletwa kutoka nje. Ukubwa wa tofauti hiyo haujulikani kwa usahihi. Inaweza kuwa ndogo au kubwa. Yaliyotoka nje nayo hayakuhakikishwa kuwa salama."

Sentensi ile ya mwisho inalinda upande wa pili. Bila hiyo, watu watakimbilia kununua mahindi ya lori wakidhani wamepona.

Wanne kati ya kumi wa nani?

Bado wagonjwa. 125 kati ya 317 ni karibu wanne kati ya kumi. Ukiandika "wanne kati ya kumi waliokula mahindi hayo walikufa", umetia hofu isiyo na msingi. Waliokula walikuwa wengi mno, na hakuna aliyewahesabu. Hao kumi ni wa kundi la waliougua hadi kuhesabiwa kuwa wagonjwa. Kila unapoandika "kati ya", jiulize: kati ya akina nani? Kisha waandike hao.

Kumbuka pia kwamba uchunguzi wa sokoni ulipima mahindi, haukupima watu. Hauwezi kutumika kusema kwamba mchuuzi fulani ndiye aliyemuua mtu fulani. Karatasi yako isitoe mlango wa kwenda kumpiga mawe mama muuza mahindi.

Karatasi yenyewe ikikamilika

Nikiweka yote pamoja, tangazo linakuwa hivi:

*SUMUKUVU KWENYE MAHINDI, KENYA, 2004*

*Kilichotokea. Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 wa mikoa ya Mashariki na Kati ya Kenya walihesabiwa kuwa wagonjwa. Macho yaligeuka manjano ghafla kwa sababu ini lilikuwa limeumia. Kati ya wagonjwa hao 317, waliofariki ni 125. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Chanzo ni mahindi yenye sumukuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hii inatengenezwa na kuvu na haionekani kwa macho.*

*Kilichopimwa. Wachunguzi walikwenda masoko 65 ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika, wakachukua sampuli 350 kwa wachuuzi 243. Kikomo cha sheria ya Kenya wakati huo kilikuwa 20 ppb, yaani miligramu 2 za sumu kwenye gunia la kilo 100.*

*Kilichoonekana. Katika kila sampuli 100: 45 zilikuwa ndani ya kikomo, 20 zilizidi kikomo lakini siyo zaidi ya mara tano, 28 zilizidi mara tano lakini siyo zaidi ya mara hamsini, 7 zilizidi mara hamsini.*

*Kwa kawaida mahindi ya masoko ya Makueni yalikuwa na sumu kama mara saba ya yale ya Thika, na tofauti hii si ya kubahatisha. Haina maana kwamba kila gunia la Thika lilikuwa ndani ya kikomo.*

*Mahindi ya mashamba ya eneo lile yalivuka kikomo mara nyingi zaidi kuliko yaliyoletwa kutoka nje. Ukubwa wa tofauti haujulikani kwa usahihi. Inaweza kuwa ndogo au kubwa. Yaliyotoka nje nayo hayakuhakikishwa kuwa salama.*

*Uchunguzi huu wa sokoni ulipima mahindi. Haukuonyesha ni mahindi ya nani yaliyomdhuru nani.*

*USHAURI WA AFISA UGANI (hautoki kwenye vipimo vya sokoni). Kausha mahindi mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5 kabla ya kuyahifadhi, na usiyaanike chini kwenye udongo. Kupika hakuondoi sumu hii. Mahindi yaliyokataliwa usimpe ng'ombe wa maziwa wala kuku: kuku watadhurika, na kwa ng'ombe sumu inapita kwenye maziwa. Ukiona mtu macho yamegeuka manjano, mpeleke kituo cha afya leo, na ubebe mahindi mnayokula nyumbani yakapimwe.*

Umeona nilivyotenga ushauri na matokeo? Ni kwa makusudi. Ripoti inasema kilichoonekana. Ushauri ni wa kwetu. Ukivichanganya, siku mtu akipinga ushauri wako kuhusu kuanika, ataitupa na ripoti nzima. Na ukitengwa, mwenye swali anajua amuulize nani.

Kabla hujabandika, ipime

Chukua daftari lako la mistari kumi na moja. Pitia tangazo, weka alama kila ukweli ulipo. Mstari usio na alama umedondoka, urudishe. Kisha fanya kinyume: kila sentensi ya tangazo iulize imetoka mstari gani. Isiyo na mstari umeitunga wewe, itoe au ihamishie kwenye ushauri.

Halafu tafuta watu watatu ambao hawajaiona ripoti, ikiwezekana mmoja mzee, mmoja mama mwenye watoto, mmoja mchuuzi. Wape wasome, au wasomee. Usiwaulize "mmeelewa?" kwa sababu wote watasema ndiyo. Waulize hivi: Katika sampuli 100, ngapi zilivuka kikomo? Ukinunua mahindi kutoka mbali, umepona? Thika hakukuwa na tatizo? Leo ukirudi nyumbani, utafanya nini na mahindi ya stoo?

Majibu yatakuonyesha palipovuja. Akisema "karibu zote", ameshajumlisha namba, rudi kwenye mafungu. Akisema "ya mbali ni salama", ile sentensi ya mwisho haikukaa vizuri, ipandishe juu. Akisema "nitachambua yaliyooza nile mengine", neno kuoza limeingia mahali, litafute. Akisema atakwenda kuchanja, basi "homa ya manjano" imejificha kwenye karatasi yako. Rekebisha sentensi hiyo tu, kisha mpe mtu mwingine ambaye hajaisoma.

Mwisho, bandika na ripoti yenyewe pembeni au uiache ofisini kwa katibu, na uandike kwenye tangazo mahali ilipo. Mwenye macho ya kusoma namba zake aende akaione. Kama kikundi chenu kina ripoti iliyowashinda, njooni nayo siku ya mafunzo tuifungue pamoja, sentensi kwa sentensi. Makala ijayo tutaangalia namna ya kuchukua sampuli ya gunia la mahindi, kwa sababu sumu hii hukaa kwa mafungu, na kombe moja la juu ya gunia linaweza kukuambia jambo tofauti kabisa na lililopo katikati.